Ampea 2 za Kwenye Karatasi

Ndugu mafundi, wanafunzi wa umeme na wote mliofika kusikiliza, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie joto kwenye bodi za majaribio. Badala ya kuwasomea kanuni, nitawasimulia hadithi fupi ya fundi mmoja. Fundi huyu nimemtunga, lakini hesabu zake ni za kweli, na mwenye kalamu anaweza kuzifuata hatua kwa hatua. Kosa lake ni la mstari mmoja tu. Nimelichagua kwa sababu ukilifanya, multimita yako haitakusahihisha. Itakuunga mkono.

Kazi aliyopewa ilikuwa nyepesi kwa kuiangalia. Kulikuwa na hita ndogo ya volti 12 yenye ukinzani wa omu 1.2. Ukigawanya 12 kwa 1.2 unapata ampea 10, na huo ndio mkondo unaopita hita inapowashwa moja kwa moja. Mteja hakutaka moto wote huo, alitaka sehemu yake tu. Kwa hiyo fundi akaamua kuiwasha na kuizima hita haraka haraka kwa transista ya mosfeti, mara 500 kwa sekunde, na katika kila mzunguko iwake kwa asilimia 20 tu ya muda. Mzunguko mmoja ni milisekunde 2. Hita inawaka milisekunde 0.4, inapumzika milisekunde 1.6, kisha inaanza tena.

Transista aliyoichagua ilikuwa na ukinzani wa omu 0.05 inapokuwa imewashwa. Akafungua daftari, akaandika hesabu yake. Ampea 10 kwa asilimia 20 ya muda ni wastani wa ampea 2. Mpaka hapo hajakosea. Mstari uliofuata ulikuwa huu:

```
P = I × I × R = 2 × 2 × 0.05 = 0.2 W
```

Kwa jinsi transista ilivyokaa kwenye kipande kidogo cha shaba cha bodi ile, kila wati moja ingeipandisha joto kwa nyuzi 60 hivi. Wati 0.2 ni nyuzi 12. Chumba kina nyuzi 25, basi transista itasimama kwenye 37, uvuguvugu ambao kidole hakiogopi. Hakuona haja ya bamba la kupozea wala ya kuongeza shaba. Akapiga mstari chini ya jibu, akachora bodi, na bodi ikatengenezwa.

Siku ya kuiwasha, kitu cha kwanza kusema hakikuwa transista. Ilikuwa fyuzi. Kwenye waya wa hita alikuwa ameweka fyuzi ya ampea 2.5, akiamini kwamba mkondo wa ampea 2 una nafasi ya kutosha hapo. Baada ya dakika chache fyuzi ikakatika. Akaangalia kama kuna shoti, hakuna. Akaweka nyingine, nayo ikakatika. Mwishowe akaweka ya ampea 5 ili kazi iendelee. Naomba mliweke akilini jambo hili la fyuzi, kwa sababu jibu lote la hadithi lilikuwa limeshatolewa pale na hakuna aliyelisikia. Fyuzi haijui wastani. Fyuzi ni kipande cha waya kinachoyeyuka kwa joto, na joto lake linafuata sheria ileile inayoifuata transista.

Fyuzi kubwa ilipokaa, bodi ikafanya kazi. Hita ikapata moto sawasawa kama mteja alivyotaka. Lakini baada ya dakika kumi ikaanza kutoka ile harufu ambayo kila aliyeshika chuma cha kulehemu anaijua, harufu ya bodi inayopikwa. Fundi akaelekeza kidole kwenye transista, akakirudisha kabla hakijafika. Akachukua themokapo, akaibana kwenye kibati cha transista kwa utepe unaostahimili moto, akasubiri namba itulie. Ikatulia kwenye nyuzi 116.

Alitegemea 37. Amepata 116.

Hapo ndipo msako ulipoanza, na nautaja kwa kifupi kwa sababu wengi wenu mngefanya hivyohivyo. Alishuku lehemu, akaiyeyusha upya na kuongeza risasi. Joto likabaki palepale. Alishuku kwamba geti la transista halipati volti za kutosha, maana mosfeti isiyowashwa kikamilifu huwa na ukinzani mkubwa kuliko ulioandikwa. Akapima, geti linapata volti 10, ndizo zinazotakiwa. Alishuku kwamba transista ni bandia. Akaitoa, akaweka nyingine ya kundi tofauti. Ikasimama kwenye 115. Akashuku hasara ya kuwasha na kuzima, yaani ule muda mfupi ambao transista iko katikati, haijawaka vizuri wala haijazima. Hilo lilikuwa swali la mtu anayejua kazi yake, lakini kwa mara 500 tu kwa sekunde, na kila badiliko likichukua sehemu ndogo sana ya sekunde, hasara hiyo haikuzidi miliwati chache. Haitoshi hata kuipasha.

Mimi nasema hapo namba zilikuwa zinamwambia kitu. Ukibadilisha lehemu, ukabadilisha kifaa, na joto likarudi palepale kila mara, basi hakuna kilichoharibika. Lehemu mbovu haitoi namba ileile mara mbili. Transista mbovu haifanani na nzima. Joto linalojirudia hivyo ni joto halali, linalotokana na saketi kama ilivyochorwa. Wakati wa kuweka chini chuma cha kulehemu na kushika daftari ulikuwa umefika.

Fundi alirudi kwenye daftari kweli, lakini alirudi kama wengi wanavyorudi. Akaangalia kuzidisha. Mbili mara mbili ni nne, nne mara 0.05 ni 0.2. Sahihi. Halafu akafanya jambo ambalo lilimpoteza zaidi: akakata waya wa hita, akaunga multimita katikati kwenye upande wa mkondo mnyoofu, akasoma. Ampea 2.0. Chanzo cha umeme mezani nacho kilikuwa kinaonyesha ampea 2. Vyombo viwili vimekubaliana na daftari lake, yeye abishane na nini tena?

Vyombo havikudanganya. Multimita kwenye mkondo mnyoofu inasoma wastani, na wastani ulikuwa ampea 2 kweli. Ila hakuna hata sehemu moja ya sekunde ambayo ampea 2 zilipita kwenye transista ile. Zilipita ampea 10, au haikupita hata moja.

Kwenye karakana hiyo alikuwepo mhandisi mwenzake, mwanamke aliyemtangulia kazini kwa miaka mingi. Alikuja akaangalia bodi, akaangalia daftari, hakusema lolote kuhusu transista. Akauliza habari za hita.

“Hita yako inatoa wati ngapi?”

“Ishirini na nne, dada.”

“Umezipataje?”

“Volti 12 mara ampea 2.”

“Vizuri. Sasa nitafutie wati hizohizo za hita kwa njia uliyotumia kwenye transista. Mkondo mara mkondo mara ukinzani.”

Fundi akaandika: 2 mara 2 ni 4, mara omu 1.2 ya hita, ni wati 4.8. Akakaa kimya. Akarudia. Wati 4.8. Hita ni ileile, mkondo ni uleule, na majibu ni mawili, 24 na 4.8. Moja lazima liwe la uongo. Na hita iliyokuwa inaunguza mbele yao haikuwa ya wati 4.8.

Nawaomba tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kwa nini 12 mara 2 ilitoa jibu sahihi, na 2 mara 2 mara ukinzani ikatoa uongo, wakati zote mbili zimetumia wastani uleule?

Ni kwa sababu volti za chanzo hazibadiliki. Mkondo ukiwa ampea 10, volti ni 12. Mkondo ukiwa sifuri, volti bado ni 12. Kitu kimoja kinabadilika na kingine kimesimama, kwa hiyo unaweza kuchukua wastani wa kile kinachobadilika na kuuzidisha na kile kilichosimama. Lakini kwenye ukinzani, mkondo ukipanda, volti za ukinzani huo nazo zinapanda pamoja nao. Ndiyo maana mkondo unazidishwa kwa wenyewe. Mkondo ukiwa mara tano, joto linakuwa mara ishirini na tano. Hapo ukianza kwa kuchukua wastani umeshapoteza habari, na kuzidisha baadaye hakuirudishi.

Njia iliyo sahihi ni kuzidisha kwanza, kisha kutafuta wastani. Wakati transista imewaka, mkondo ni ampea 10. Kumi mara kumi ni 100, mara omu 0.05 ni wati 5. Wati hizo tano zinapatikana kwa asilimia 20 ya muda, basi wastani wake ni wati 1. Si 0.2, ni 1. Mara tano nzima. Jaribu kwenye hita: 100 mara 1.2 ni wati 120, kwa asilimia 20 ya muda ni wati 24. Majibu mawili ya hita sasa yanakutana.

Ukipenda kuiweka yote kwenye namba moja ya mkondo, chukua wastani wa mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, yaani 100 mara 0.2, ni 20, halafu utafute kipeuo chake cha pili. Ni ampea 4.47. Huo ndio mkondo ambao joto linauona. Sasa rudini kwenye fyuzi. Fyuzi ya ampea 2.5 ilikuwa inabeba ampea 4.47 za joto. Kukatika ilikuwa haki yake.

Bado kuna tofauti kati ya hesabu na themokapo. Wati 1 kwa nyuzi 60 ni 60, jumlisha 25 za chumba ni 85. Fundi alisoma 116. Hizo 31 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye tabia ya mosfeti yenyewe. Ile omu 0.05 imeandikwa kwa transista iliyo kwenye nyuzi 25. Inapopata moto, ukinzani wake unapanda, na kwa transista yake mchoro wa mtengenezaji ulionyesha takriban asilimia 0.6 kwa kila nyuzi. Ikifika 85, ukinzani umeongezeka kwa zaidi ya theluthi. Ukinzani ukiongezeka, joto linaongezeka, na joto likiongezeka ukinzani nao unapanda tena. Kila duru ni ndogo kuliko iliyotangulia, na mwishowe vinatulia kwenye karibu wati 1.56 na nyuzi 119 ndani ya kifaa. Kwa nje, kwenye kibati, inapungua kidogo. Hiyo ndiyo 116 yake.

Ni vizuri kujua kwamba kutulia huko si lazima. Kama angeongeza muda wa kuwaka kutoka asilimia 20 hadi 40, ule wati 1 wa kuanzia ungekuwa 2, na ukizungusha hesabu ileile utaona inatulia mbali sana, juu ya nyuzi 400. Transista haifiki huko. Inakufa njiani. Bodi ile iliyokuwa inanuka tu ilikuwa imebakiza hatua moja ya mteja kuzungusha kitufe.

Dada yule hakutaka fundi aamini kwa kalamu peke yake. Alimwambia atengeneze jaribio, na jaribio hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika hadithi hii, kwa kuwa linafanyika kwenye meza yoyote yenye chanzo cha umeme kinachoweza kuwekewa mpaka wa mkondo. Waliondoa mapigo. Geti la transista likapewa volti 10 mfululizo, ikawa imewaka muda wote. Chanzo kikawekewa mpaka wa ampea 2. Sasa zinapita ampea 2 za kweli, zilizonyooka, bila kuwaka na kuzima. Multimita ikasoma 2.0, sawa na mwanzo. Wakasubiri. Themokapo ikapanda polepole ikasimama kwenye nyuzi 38.

Kisha wakarudisha mapigo. Multimita, 2.0. Themokapo, 116.

Kifaa ni kimoja, kipimo cha mkondo kimesoma namba moja, na kati ya majoto mawili kuna nyuzi karibu 80. Kwa mara ya kwanza fundi aliona kwa macho kwamba hesabu yake haikuwa hesabu ya bodi hii. Ilikuwa hesabu sahihi ya bodi nyingine, ambayo mkondo wake umenyooka.

Baada ya hapo wakaunga osiloskopu kwenye rezista ndogo ya kupimia mkondo. Kwenye skrini palisimama mapigo marefu membamba: juu ampea 10, chini sifuri, na nafasi pana katikati. Multimita yao ilikuwa ya aina inayosoma mkondo halisi wa joto hata kama umbo la wimbi si la kawaida, kwa hiyo walihamisha kitufe kwenye upande wa mkondo geu. Ikasoma 4.0. Hapa wengi hukosea mara ya pili, wakachukua 4 kama jibu. Multimita nyingi kwenye mkondo geu hutupa sehemu iliyonyooka na kupima mtikisiko peke yake. Lazima uziunganishe: 2 mara 2 ni 4, 4 mara 4 ni 16, jumla 20, na kipeuo chake ni 4.47. Imerudi palepale ilipotoka kwenye karatasi. Na kama multimita yako ni ya bei ya chini inayodhani kila mkondo geu ni wimbi laini, usiitegemee kwa mapigo ya namna hii. Tumia osiloskopu na kalamu.

Mtauliza tabia ile ya kutumia wastani aliitoa wapi, maana hakuwa mzembe. Aliitoa kwenye kazi yake iliyopita, ambako kifaa kilichokuwa kikipata moto kilikuwa dayodi. Volti zinazobaki kwenye dayodi hazibadiliki sana mkondo unapobadilika, kwa hiyo ukizidisha volti hizo na wastani wa mkondo, unakaribia sana ukweli. Njia ile ilimfaa kule, akaihamishia kwenye mosfeti ambayo ikiwaka ni ukinzani mtupu. Pia angekuwa na hita inayowaka asilimia 90 ya muda, asingegundua lolote. Kwa mapigo ya namna hii ukubwa wa kosa ni moja gawanya kwa sehemu ya muda wa kuwaka. Kwa asilimia 90 joto linazidi hesabu kwa kama sehemu moja ya tisa, ambayo inajificha kwenye tofauti za kawaida. Kwa 50 ni mara mbili. Kwa 20 ni mara tano, na kwa 10 ni mara kumi. Mapigo yakizidi kuwa membamba, wastani unazidi kudanganya.

Marekebisho hayakuwa magumu. Angeweza kuongeza shaba chini ya transista. Kama kila wati ingepandisha nyuzi 30 badala ya 60, transista ingetulia kwenye karibu 62, maana duru ile ya ukinzani nayo ingepungua nguvu. Lakini bodi ilikuwa ndogo, kwa hiyo akachagua transista nyingine yenye umbo lilelile na ukinzani wa omu 0.005. Safari hii aliandika 20 mara 0.005, ni wati 0.1, ni nyuzi 6. Themokapo ilisoma 31. Fyuzi akaichagua upya kwa ampea 4.47, na njia za shaba za upande wa hita akazipanua kwa namba hiyohiyo, kwa kuwa nazo ni ukinzani.

Transista ya ukinzani mdogo ina gharama yake. Geti lake linahitaji chaji nyingi zaidi ili liwake, hivyo linachelewa kuwaka na kuzima. Kwa mara 500 kwa sekunde hilo halina uzito. Kwa mara laki moja kwa sekunde, hasara ile ya katikati aliyoishuku mwanzoni ingekuwa mshukiwa wa kwanza.

Na jambo moja kwa wale wanaoendesha hita kwa mapigo ya polepole. Hesabu ya 4.47 inafaa pale mapigo yanapokuja haraka kiasi kwamba transista haipati muda wa kupoa katikati. Ukiwasha kwa sekunde 4 na kuzima kwa sekunde 16, asilimia ni ileile 20, lakini katika sekunde zile 4 transista ya kwanza ingekuwa inameza wati 5 mfululizo, na kifaa kidogo kama kile kinapanda sana kwa muda huo. Hapo usitafute wastani wa aina yoyote. Chukua ampea 10, fungua karatasi ya mtengenezaji kwenye mchoro wa kupanda kwa joto kwa muda, na usome transista itafika wapi pigo linapoisha.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Wenye maswali juu ya jaribio lile la ampea 2, karibuni.